Miezi tisa ya mwandamo: majibu kwa yasemwayo Garsen kuhusu kuanzisha uchungu

Katika vijiji vya Tana ya chini, kutoka Garsen na Minjila hadi Ngao, Tarasaa na kushuka Kipini, mimba ikifika mwezi wa mwisho inakuwa ya ukoo mzima. Mama mkwe ana hesabu yake, mawifi wana yao, na kijitabu cha kliniki kina tarehe iliyoandikwa na muuguzi. Siku ikipita kimya, kila mtu ana la kusema: mwingine anaogopesha, mwingine anaharakisha, mwingine amesikia kwamba hospitalini kuna namna ya kuuamsha uchungu kwa kidole. Namna hiyo ipo kweli. Ni kubandua utando wa chupa ya uzazi, na hufanywa mimba inapokaribia au kupita wiki ya 40. Lakini imezungukwa na maneno mengi, na baadhi ya maneno hayo yanaumiza watu. Nitayajibu yale ninayoona yana uzito.

*"Wanapasua chupa kwa nguvu ili mtoto atoke."*

Hapana. Chupa ni utando laini unaomfunika mtoto na maji yake, na sehemu yake ya chini imegusana na ukuta wa mji wa mimba pale karibu na mlango wa kizazi. Daktari au mkunga akishavaa glavu safi huingiza kidole ukeni, hufika kwenye mlango wa kizazi, na mlango ukiwa umeachia kidogo hupitisha ncha ya kidole ndani na kukizungusha duara, akiutenganisha utando na ukuta ulioshikana nao. Utando ukibanduka hivyo, mwili wenyewe hutoa prostaglandini, kemikali zinazolainisha mlango wa kizazi na kuuchokoza mji wa mimba uanze kukaza. Hakuna dawa iliyoingizwa wala chombo kilichotumika. Yote hayo huchukua dakika moja au mbili.

Kupasua chupa ni kitendo kingine. Hufanywa kwa kifaa chenye ncha iliyopinda, katika chumba cha kujifungulia, na maji yakishatoka hakuna kurudi nyumbani. Aliyebanduliwa utando anashuka kitandani, anavaa, anaondoka. Kweli, mara chache chupa hupasuka yenyewe wakati wa kubandua, na hiyo ni moja ya sababu mama anapaswa kuelezwa kabla. Lakini hilo si lengo.

Mlango ukiwa bado umefunga kabisa, jambo la kawaida kwa mimba ya kwanza, kidole hakipiti. Hapo mkunga anaweza kuusugua mlango kwa nje, kwa kuuzunguka, au akasema tungoje siku chache. Asilazimishe. Na mama anapaswa kujua mapema kwamba kubandua kunauma: wengine huona kero tu, wengine huona maumivu ya kubana kama ya hedhi kali. Kukojoa kwanza kunasaidia, kuvuta pumzi polepole kunasaidia, na neno "acha" likitamkwa, mkono unatoka.

*"Miezi tisa imekwisha. Mtoto amechelewa, nenda ukatolewe."*

Hapa ndipo penye shida kubwa kuliko zote, na chanzo chake ni kalenda. Nyumba nyingi za Garsen huhesabu kwa mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Kliniki huhesabu siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Miezi tisa ya mwandamo ni kama siku 266. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni wiki mbili nzima.

Tumchukue mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Agosti. Muuguzi anaongeza siku 7, anarudi nyuma miezi 3, anaandika 8 Mei. Nyumbani bibi anahesabu miandamo tisa kuanzia hedhi ileile, naye anaangukia kwenye tarehe 24 Aprili au hapo karibu. Siku hiyo mimba ina wiki 38 tu. Bibi hajakosea kuhesabu. Ila kuanzia hapo kila siku inayopita huonekana nyumbani kuwa ni ya kuchelewa, na mama anasukumwa kwenda kudai aanzishiwe uchungu wakati mtoto bado ana haki ya kukaa ndani. Sasa tuseme shangazi naye anahesabu miandamo tisa, lakini anaanzia siku ile hedhi ilipokosekana, mwishoni mwa Agosti. Yeye anafika 22 Mei, ambayo ni wiki ya 42. Kwa hesabu ya shangazi mama hana haraka yoyote, ilhali kliniki ingekuwa imeshaanza kuwa na wasiwasi wiki nzima kabla. Mimba ni moja, na tarehe za watu wawili wa nyumba moja zimepishana kwa wiki nne.

Wiki hizo zina maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unapendekeza mama aanzishiwe uchungu akishafikisha wiki 41 kamili, na haupendekezi kuharakisha mimba isiyo na tatizo kabla ya hapo. Utafiti uliofanywa Uswidi na kuchapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wanawake walioanzishiwa uchungu wakiwa na wiki 41 na wale walioachwa hadi wiki 42. Ulisimamishwa kabla ya kufika mwisho, kwa kuwa watoto sita walifariki katika kundi lililosubiri na hakuna hata mmoja katika kundi la kwanza. Na hiyo ni Uswidi, ambako gari la wagonjwa halisubiri mto upungue. Kubandua utando kunaweza kufanywa mapema kidogo kuliko dawa, kwa kawaida kuanzia wiki ya 39, kwa sababu ni jambo jepesi. Kwa mama wetu, wiki ya 39 ni tarehe 1 Mei, na wiki ya 41 ni tarehe 15 Mei.

Wapo wasiojua hedhi yao ya mwisho ilikuwa lini. Mama aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha huenda hakuona hedhi kabisa, na aliyekuwa akitumia sindano ya kupanga uzazi huenda hedhi yake ilikuwa haina mpangilio. Kwa hao tegemeo ni skani ya mapema, kabla ya wiki ya 24. Skani ya mwezi wa mwisho haiwezi kutoa jibu hilo, maana kufikia hapo watoto hutofautiana sana kwa ukubwa, na tarehe inayotoka inaweza kupotoka hata wiki tatu. Kwa hiyo anayesema "tutaenda kliniki tumbo likikua" anaitupa mapema tarehe atakayokuja kuililia baadaye.

*"Ukibanduliwa leo, kesho umezaa."*

Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 44 zenye wanawake karibu 7,000. Walichokiona ni hiki: kati ya wanawake 100 waliobanduliwa, 72 hivi walianza uchungu wenyewe, na kati ya 100 ambao hawakubanduliwa, 60 hivi walianza wenyewe vilevile. Waliohitaji kuanzishiwa kwa dawa au njia nyingine walipungua kutoka 31 hadi 23 katika kila mia. Idadi ya waliofanyiwa upasuaji haikubadilika kwa namna inayoonekana, na watafiti wenyewe waliyapa matokeo haya uhakika mdogo.

Tazama hiyo 60. Wengi wangeanza uchungu hata bila kuguswa. Jirani anayesimulia kwamba alibanduliwa Jumatatu akazaa Jumatano anasema kweli, lakini hawezi kujua kama yeye ni mmoja wa wale kumi na wawili waliosaidiwa au wa wale sitini ambao siku yao ilikuwa imefika tu. Ninakubali kwamba faida ipo. Ni ya kiasi, na anayeahidiwa zaidi ya hapo amedanganywa.

Mara nyingi, kama kubandua kutafanya kazi, hufanya ndani ya saa 48. Usiku wa kwanza ndio unaowachanganya wengi. Tumbo hukaza na kuachia bila mpangilio, kiuno huuma, na kwenye nguo ya ndani huonekana ute wenye michirizi ya damu, ya waridi au ya kahawia. Hayo yote ni ya kawaida. Uchungu wa kweli hutambulika kwa mwendo wake: vipindi vinakaribiana, kila kimoja kinadumu zaidi na kuwa kikali zaidi, na havikomi hata ukitembea, ukioga au ukilala. Ule wa uongo hutawanyika kuelekea alfajiri na kumwacha mama amechoka bure. Hilo likitokea, si dalili kwamba mwili wake una kasoro. Anaweza kubanduliwa tena baada ya siku kadhaa, au akangoja.

Kuna mambo ambayo hayangoji asubuhi. Damu nyekundu inayotiririka kama hedhi si ute. Maji ya chupa yakitoka, hata kama hayana rangi, mama aende; yakiwa ya kijani au yananuka, aende mbio. Mtoto akipunguza kucheza, aende. Homa, kichwa kinachogonga, macho kuona ukungu, vyote hivyo ni safari ya usiku huohuo.

*"Ni jambo dogo, daktari hana haja ya kuuliza."*

Ana haja. Kuna wanawake wanaolalamika kwamba walikwenda kupimwa tu njia, wakahisi maumivu makali ya ghafla, na baadaye wakaambiwa kwamba walikuwa wamebanduliwa. Udogo wa kitendo hauondoi haki ya mama kukubali au kukataa. Tena ili kubandua kuwe salama kuna mambo ya kuhakikisha kwanza: mtoto ametanguliza kichwa, mapigo ya moyo wake yamesikilizwa, kondo la nyuma halijakaa juu ya mlango wa kizazi, hakuna damu inayotoka, na kwa kawaida chupa bado ni nzima. Mwenye kondo lililoziba njia akiguswa na kidole anaweza kumwaga damu nyingi kwa dakika chache. Aliyezaa kwa upasuaji zamani aseme mapema, aje na karatasi zake, maana aina ya mshono wa ndani ndiyo inayoamua. Mwenye virusi vya UKIMWI naye ni wa kuzungumza na mhudumu faraghani kwanza, kwa kuwa tafiti juu yake ni chache.

Lipo jingine ambalo kwetu halisemwi kwa sauti. Katika baadhi ya jamii za Tana River wapo wanawake waliotahiriwa na kushonwa, ingawa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imekataza ukeketaji. Kwa mwanamke aliyeshonwa, kidole kimoja tu ukeni kinaweza kuwa mateso, au kisipite kabisa. Kubandua utando hakufai hapo, na hata kupima njia wakati wa uchungu kunakuwa kwa kubahatisha. Jambo hili litajwe kliniki mapema, wakati mimba ni changa, kwa muuguzi ambaye mama anamwamini. Kovu linaweza kufunguliwa na mtaalamu kwa ganzi kabla ya kujifungua au wakati wa uchungu, na mpango ukaandikwa kwenye kijitabu. Anayenyamaza hadi wiki ya 41 analigeuza kuwa la dharura jambo ambalo lingetengenezwa kwa utulivu.

*"Kidonge ni kilekile, kata robo umeze nyumbani."*

Hili ndilo linaloua. Kidonge kinachosemwa ni misoprosto, na tembe yake ya kawaida ina mikrogramu 200. Kipimo cha kuanzisha uchungu kwa mtoto aliye hai na aliyekomaa ni mikrogramu 25 za kumeza, kila baada ya saa mbili, huku mhudumu akisikiliza moyo wa mtoto na kuhesabu mikazo. Hiyo ni sehemu moja ya nane ya tembe. Robo ni mara mbili yake, na kwa wembe wa nyumbani hakuna anayekata sehemu nane zilizo sawa. Hospitalini huweza kuyeyusha tembe moja kwenye mililita 200 za maji na kumpa mama mililita 25 kila mara, wakikoroga kabla ya kupima.

Mkanganyiko unatoka wapi? Unatoka kwenye kidonge hichohicho kutumika baada ya kuzaa, kuzuia damu, ambapo mama hupewa tembe tatu kwa pamoja: mikrogramu 600. Aliyepewa tatu akapona anamsimulia mwenzake kwamba ni dawa nzuri. Lakini tatu zake zilimezwa mtoto akiwa ameshatoka. Kiasi hicho ni mara 24 ya kile cha kuanzishia. Mji wa mimba ukipewa hivyo mtoto akiwa bado ndani hukaza bila kuachia, mtoto hukosa hewa, na ukuta unaweza kuchanika, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Mwenye kovu la upasuaji hapewi misoprosto ya kuanzisha uchungu hata hospitalini.

Mlango wa kizazi ukiwa mgumu na mama anahitaji kuanzishiwa, ipo njia ya upole zaidi: puto. Ni mpira uleule wa kutolea mkojo, wenye kiputo mwishoni, unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi na kujazwa maji safi ya hospitali, kama mililita 30 hadi 60. Uzito na mgandamizo wake hufungua mlango polepole, kisha unaanguka wenyewe njia ikifika karibu sentimita tatu. Hauleti mikazo ya kupindukia kama dawa, na ukileta shida unatolewa mara moja. Lakini puto, kidonge na dripu vyote ni vya mahali ambapo upasuaji unawezekana muda wowote, au gari la kumfikisha mama kwenye upasuaji liko mlangoni. Swali la kumuuliza daktari kabla ya kukubali ni hili: mambo yakiharibika saa nane za usiku, nani atapasua, na wapi?

*"Kuna tende, mbarika na kuchezea chuchu. Hospitali ya nini?"*

Tende sizikatai. Utafiti wa Jordani uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata wanawake waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho. Walifika hospitalini njia ikiwa imefunguka zaidi, na wachache zaidi walihitaji dawa. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini tende sita hazimdhuru mtu, isipokuwa mwenye kisukari cha mimba, ambaye aulize kwanza. Mafuta ya mbarika ni habari nyingine: yanaendesha tumbo, na katika joto la Machi la Garsen mama anayeharisha anaishiwa maji kabla uchungu haujaanza. Kuchua chuchu kunaweza kweli kuleta mikazo ikiwa mlango umeshalainika, ila kuna utafiti kwa wenye mimba za hatari uliosimamishwa kwa sababu ya vifo vya watoto, kwa hiyo mwenye presha, mapacha au mtoto asiyekua vizuri asijaribu. Tendo la ndoa halijathibitika kuanzisha chochote, wala halina ubaya kama chupa ni nzima na hakuna damu.

*"Ukishabanduliwa, rudi nyumbani usubiri."*

Ushauri huu umeandikwa kwa ajili ya miji. Mama anayeishi karibu na hospitali anaweza kungoja hadi mikazo ije kila dakika tano. Anayetoka kijiji cha ng'ambo ya mto, anayehitaji mtumbwi kisha boda, hana dakika hizo. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yalionyesha jinsi Tana inavyoweza kukata barabara na kuvifanya vijiji kuwa visiwa. Na kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita mia moja hata barabara ikiwa kavu.

Turudi kwa mama wa tarehe 8 Mei, ambaye siku zake zinaangukia katikati ya masika. Kubandua utando tarehe 1 Mei kisha kumrudisha ng'ambo jioni hiyohiyo ni kuuamsha uchungu mahali pasipo na msaada. Afadhali ahame kabla. Mwishoni mwa Aprili anakuja kwa jamaa aliye Garsen au Ngao, na nauli, namba ya mwenye gari, kijitabu, leso na nguo za mtoto vyote vikiwa kwenye mfuko mmoja. Tarehe 1 au baadaye kidogo anapimwa, mapigo ya mtoto yanasikilizwa, na akikubali anabanduliwa. Saa 48 zinazofuata analala palepale mjini. Zikipita kimya, anaweza kubanduliwa tena tarehe 8. Ikifika 15 Mei bila uchungu, habanduliwi tena na kurudishwa kusubiri: analazwa, au anapewa barua ya rufaa kwenda Hola au Malindi mchana, barabara ikipitika, akaanzishiwe kwa puto au kwa dawa iliyopimwa. Barua hiyo iombwe siku ya tarehe 8, maji ya mto yakiwa bado hayajaamua vinginevyo.